Yogati isiyo na laktosi: matone kwanza, kimea baadaye

"Dada, nimenunua matone, nimefuata kila kitu, yogati imeganda vizuri kabisa. Lakini usiku kucha tumbo limenguruma na gesi haikuisha. Au matone ni feki?"

Nilimuuliza swali moja tu: uliyaweka wakati gani?

"Maziwa yalipochemka, ili yachanganyike vizuri."

Matone yake hayakuwa feki. Ni matone ya laktesi, kimeng'enya kinachovunja laktosi iliyo ndani ya maziwa. Yaliungulia ndani ya sufuria kabla hayajafanya kazi yoyote. Ujumbe wa namna hii nimeupokea mara nyingi, na karibu kila mara tatizo si maziwa wala chupa ya matone. Tatizo ni saa. Wengine huyaweka kwenye maziwa ya moto, wengine huyaweka pamoja na kimea, yaani ile yogati kidogo yenye bakteria hai inayogandisha maziwa, wakidhani vyote vitafanya kazi sambamba hadi asubuhi, na wengine huyanyunyiza juu ya yogati iliyokwisha kuganda. Kwa macho, yogati zote hizo zinafanana na ile iliyotengenezwa sawasawa. Tofauti utaijua tumboni.

Mwongozo huu unafuata njia moja, ile ninayoiamini: kuchemsha, kupoza, kuweka matone, kusubiri saa 24 kwenye friji, ndipo kuweka kimea. Njia za mkato nazieleza mwishoni, pamoja na hasara zake.

## Nani asitumie njia hii

Matone yanavunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Hayagusi protini. Mwenye mzio wa protini za maziwa yogati hii itamdhuru kama maziwa mengine yoyote.

Pia sukari haipungui kwa matone, inabadilika umbo tu. Laktosi moja inakatwa kuwa glukosi na galaktosi. Mwenye kisukari aihesabu sukari yake kama kawaida, wala asidanganywe na neno "isiyo na laktosi". Na mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wa kushindwa kutumia galaktosi asipewe kabisa, kwa sababu galaktosi yote bado imo.

## Vifaa na mahitaji

Kwa lita 2 za yogati:

- Maziwa lita 2. Yenye mafuta kamili huganda vizuri zaidi.
- Matone ya laktesi yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuweka kwenye maziwa. Vidonge vya kumeza wakati wa kula viache, sababu ipo hapa chini.
- Kimea: vijiko vikubwa 4 vya yogati ya kawaida isiyo na ladha wala sukari, yenye bakteria hai, au kimea cha unga kwa kipimo cha pakiti yake.
- Kipimajoto cha jikoni. Bila hiki utakuwa unabahatisha, na joto ndilo linaloua au kuokoa kazi yote.
- Sufuria yenye kitako kizito, mwiko, beseni la maji baridi.
- Vyombo safi vyenye mifuniko, na mahali pa kutunza joto la nyuzi 42: mashine ya yogati, chupa ya chai yenye mdomo mpana, au boksi lililofungwa blanketi.
- Vijiti vya kupimia glukosi kwenye mkojo, vile vinavyobadilika rangi. Si lazima, lakini vitakuonyesha kama matone yako ni hai.

Kuhusu vidonge: laktesi ya matone kwa kawaida hutokana na hamira, na inapenda mazingira yasiyo na uchachu, kama maziwa mabichi yalivyo. Laktesi ya vidonge kwa kawaida hutokana na kuvu, nayo imechaguliwa kwa sababu inastahimili tindikali ya tumbo. Ukikisaga kidonge ndani ya maziwa unakitumia mahali ambapo si pake, na hutajua umepata kiasi gani cha kazi.

Chupa ya matone itunze kwa joto lililoandikwa kwenye lebo, mara nyingi friji. Kimeng'enya hiki ni protini, na protini hii huchoka ikikaa kwenye joto. Chupa iliyokaa dirishani wiki tatu bado itadondosha matone, ila matone hayo yatakuwa na nguvu ndogo.

## Kwanza elewa hesabu ya laktosi

Lita moja ya maziwa ina takriban gramu 48 za laktosi. Bakteria wa yogati hula sehemu tu ya hiyo, tuseme robo, kisha uchachu wao wenyewe unawazuia kuendelea. Kwa hiyo yogati ya kawaida bado ina kama gramu 36 kwa lita. Bakuli la gramu 200 linakupa gramu 7 hivi.

Sasa tuweke matone. Kuna lebo zinazoeleza kwamba ndani ya saa 24 kwenye friji, matone 5 kwa lita huvunja asilimia 70 ya laktosi, matone 10 asilimia 90, na matone 15 asilimia 99. Soma lebo ya chupa yako, kwani nguvu hutofautiana, lakini tutumie mfano huo. Ukivunja asilimia 70, zinabaki gramu 14 kwa lita, na bakuli lako lina karibu gramu 3. Ukivunja 90, bakuli lina gramu 1. Ukifika 99, bakuli lina sehemu moja ya kumi ya gramu.

Tazama kinachotokea hapo. Matone 5 ya kwanza yameondoa asilimia 70, na matone 10 yaliyofuata yameongeza 29 tu. Mwanzoni maziwa yamejaa laktosi, kila chembe ya kimeng'enya inakutana na kazi papo hapo. Kadiri laktosi inavyopungua ndivyo kukutana kunavyokuwa kwa nadra. Isitoshe, galaktosi inayozaliwa inakikaba kimeng'enya chenyewe. Kwa hiyo mwisho wa kazi ni wa polepole siku zote, na anayekatisha muda ndiye anayebaki na gramu zile za mwisho, ambazo kwa mtu mwenye tumbo jepesi ndizo zenye maneno.

Muda na idadi ya matone husaidiana. Ukiwa na matone machache, ongeza saa. Ukiwa na saa chache, ongeza matone. Huwezi kupunguza vyote viwili.

## Hatua ya 1: Chemsha maziwa kabla ya matone

Pasha maziwa hadi nyuzi 85, kwa moto wa wastani, ukikoroga hadi chini. Yakifika hapo, yashikilie kwa dakika 30. Kama huwezi kukaa muda huo, yapeleke nyuzi 90 na uyashike dakika 10.

Kuna sababu mbili. Joto hili linaua vijidudu vingi ambavyo vingeshindana na kimea. Pia linafungua protini za maji ya maziwa ili zishikamane na kasini, protini kuu ya maziwa, na hapo ndipo uzito wa yogati unapotoka. Yogati nyepesi yenye maji mengi mara nyingi ilianza kuharibika kwenye hatua hii.

Onyo: usiweke matone sasa. Kimeng'enya cha hamira huharibika joto likipita nyuzi 50 na kuendelea kupanda, na kwenye nyuzi 85 hakuna kinachobaki. Kukoroga sana hakukiokoi.

Wapo wanaouliza kama wanaweza kuweka matone siku moja kabla, kisha ndipo wachemshe. Laktosi itavunjika, ndiyo. Lakini glukosi na galaktosi zinaungana na protini kwa haraka zaidi ya laktosi zinapopata moto, na maziwa yanageuka rangi kama ya mkate wa kuoka, yanashika chini ya sufuria na kuwa na ladha ya kuungua kidogo. Ndiyo maana nasisitiza: moto kwanza, matone baadaye.

Ukitumia maziwa ya pakiti ya muda mrefu, yale yanayokaa nje ya friji kabla ya kufunguliwa, hayahitaji kuchemshwa kwa ajili ya usalama. Fungua, weka matone moja kwa moja kwa vyombo safi. Yogati yake hutoka laini kidogo kuliko ya maziwa yaliyochemshwa nyumbani.

Ukifanikiwa utaona: maziwa meupe, utando juu ambao unaweza kuutoa, na kitako cha sufuria kisicho na alama ya kahawia.

## Hatua ya 2: Poza haraka, tenga kikombe cha kulinganishia

Weka sufuria kwenye beseni la maji baridi, badilisha maji yakipata joto. Shusha hadi nyuzi 38 au 40.

Kabla ya kuweka matone, chota nusu kikombe cha maziwa haya, funika, andika "bila matone", weka kwenye friji. Hicho kikombe kidogo ndicho kitakachokusaidia kesho kutofautisha hisia na ukweli.

## Hatua ya 3: Weka matone na uanze kuhesabu saa

Kwa lita 2 nawekea matone 30, yaani 15 kwa lita kwa chupa niliyoieleza. Kichwa cha chupa kiwe wima kuelekea chini, tone moja moja. Ukiilaza chupa, ukubwa wa matone unabadilika na hesabu inaharibika. Koroga taratibu kwa dakika moja, hadi kitako.

Kwa nini nyuzi 38 na si baada ya kupoa kabisa? Kwa sababu kimeng'enya hiki kinafanya kazi kwa kasi kubwa zaidi kwenye joto la karibu na la mwili wa mtu. Maziwa yanapoendelea kupoa yanakupa mwanzo mzuri bila gharama. Hata hivyo usiyaache mezani. Joto hilo hilo linapendwa na vijidudu vilivyonusurika kuchemshwa, na hapo bado hakuna bakteria wa yogati wa kuwazuia. Yaingie friji ndani ya saa 2.

Funika vizuri. Andika muda kwenye karatasi na ubandike kwenye kifuniko, kwa sababu kesho hutakumbuka kama ilikuwa saa 1 au saa 3.

## Hatua ya 4: Saa 24 za friji

Hapa ndipo watu wengi hupoteza uvumilivu. Maziwa hayabadiliki rangi, hayagandi, hayatoi harufu. Kwenye baridi, kimeng'enya hufanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya kasi yake ya joto, lakini kinafanya kazi mfululizo.

Kesho yake, mimina kijiko cha maziwa yenye matone na kijiko cha yale ya kikombe. Onja ya kikombe kwanza. Kisha onja mengine. Tofauti inatakiwa kuwa wazi: yenye matone yana utamu kama vile mtu ameweka sukari kidogo. Glukosi na galaktosi ni tamu kuliko laktosi zilikotoka, ndiyo sababu. Kama huoni tofauti kabisa, simama hapo hapo, usiweke kimea.

Mwenye vijiti vya glukosi anaweza kuona kwa macho. Changanya kijiko 1 cha maziwa na vijiko 9 vya maji, chovya kijiti, subiri sekunde zilizoandikwa kwenye chupa ya vijiti. Fanya hivyo kwa maziwa ya kikombe pia. Kijiti cha kikombe kinabaki na rangi yake ya mwanzo. Kijiti cha maziwa yenye matone kinageuka, na kwenye vijiti ninavyotumia rangi inatoka bluu nyepesi na kuingia kijani. Laktosi ya lita moja ikivunjika yote hutoa karibu gramu 25 za glukosi, hivyo baada ya kuzimua mara kumi unatarajia rangi iliyo karibu na miligramu 250 kwa desilita.

Kijiti kina mpaka wake. Kinakuambia kwamba kimeng'enya ni hai na kimefanya sehemu kubwa ya kazi. Hakiwezi kukutofautishia asilimia 85 na 99, rangi zake hazina usahihi huo. Kwa hiyo kijiti hakichukui nafasi ya saa 24. Kinakuzuia tu usipoteze maziwa kwa chupa iliyokufa.

Kama utamu ni hafifu: ongeza nusu ya kipimo cha matone, rudisha friji kwa saa 24 nyingine. Maziwa yaliyochemshwa vizuri na kufunikwa yatavumilia. Kama baada ya hapo bado hakuna kitu, chupa imeisha nguvu.

## Hatua ya 5: Pasha taratibu, weka kimea

Pasha maziwa hadi nyuzi 42 au 43. Moto mdogo, koroga muda wote. Usivuke 45. Kimeng'enya bado kimo ndani na bado una kazi nacho: kimea chenyewe kinaleta laktosi. Vijiko 4 vya yogati ya kawaida, kama gramu 60, vina gramu 2 na zaidi kidogo. Kwa lita 2 hiyo ni nyingi kuliko laktosi yote iliyobaki baada ya asilimia 99 kuvunjika! Lakini kimeng'enya kilicho hai, kwenye joto la nyuzi 42, kinaishughulikia ndani ya saa za mwanzo kabla uchachu haujapanda. Ukichemsha maziwa tena hapa, umejinyima hilo.

Chota kikombe cha maziwa ya vuguvugu, koroga kimea ndani yake mpaka kisiwe na mabonge, kisha rudisha kwenye sufuria na ukoroge kwa upole. Mimina kwenye vyombo, funika, weka kwenye joto. Usivitikise tena.

## Hatua ya 6: Kuganda, na namna utamu unavyodanganya

Anza kuangalia baada ya saa 6. Mara nyingi huwa kati ya saa 6 na 10. Usitegemee saa za yogati uliyozoea, kwa sababu bakteria sasa wanakula glukosi ambayo wamekuta imeshakatwa, na kila kimea kinalipokea jambo hilo kwa namna yake. Kuna kimea kinachochelewa kuanza na kuna kisichojali.

Kosa linalojirudia hapa ni la kuonja. Mtu anaonja saa ya 7, anakuta yogati ni tamu, anasema bado haijachachuka, anaiacha saa 5 zaidi. Lakini ule utamu ni wa glukosi na galaktosi, na utakuwepo hata yogati ikiwa imekamilika. Uchachu upo, umefunikwa tu. Ukiendelea kuusubiri, yogati inajikaza, inatema maji, na ukiikoroga inakuwa ya chengachenga.

Kwa hiyo angalia umbo. Inamisha chombo kidogo: yogati iliyo tayari inasogea kama kitu kimoja na kujitenga na ukingo, haitiririki. Juu kunaweza kuwa na matone machache ya maji ya manjano-kijani, hayo hayana shida. Mwenye karatasi za pH, kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri uchachu unavyopanda, aitoe ikifika 4,5 au 4,6.

Peleka friji mara moja na uiache saa 6 au zaidi kabla ya kuikata kwa kijiko. Yogati ikiwa bado ina joto huwa laini, inaimarika ikipoa.

## Mfano mmoja mzima

Hii ndiyo ratiba yangu ya lita 2, nimeirudia mara nyingi mpaka imekaa kichwani.

Ijumaa saa 12 jioni maziwa yapo motoni. Saa 12 na nusu yamefika nyuzi 85, nayashika mpaka saa 1 usiku. Beseni la maji linanichukua dakika 40, nikibadilisha maji mara mbili. Saa 1 na dakika 40 kipimajoto kinasoma 38, natenga nusu kikombe, naweka matone 30. Saa 2 na robo yapo friji.

Jumamosi sifanyi kitu. Saa 2 na robo usiku nayaonja, natumia kijiti. Nayapasha taratibu hadi 43, naweka vijiko 4 vya kimea, na saa 3 kasorobo vyombo vimefunikwa ndani ya boksi. Jumapili saa 11 alfajiri nimeinamisha chombo, yogati imesogea kwa pamoja. Saa 8 na robo zimepita. Naipeleka friji, narudi kulala.

Kazi yenyewe ya mikono haifiki saa mbili. Kinachochukua siku ni kusubiri, na kusubiri huko huwezi kukuhamishia kwingine.

## Muda ukibadilika, yogati inabadilikaje

Matone na kimea kwa pamoja. Hii inavutia kwa sababu unaokoa siku nzima. Kwenye nyuzi 42 kimeng'enya kina kasi nzuri. Shida ni kwamba mlango unafungwa. Maziwa yanaanza na pH ya karibu 6,6, ambayo kimeng'enya cha hamira kinaipenda. Bakteria wanapochachusha, pH inashuka, na ikipita chini ya 6 kimeng'enya kinapungua nguvu, hadi yogati inapoganda kimekwisha kusimama. Kwa hiyo huna saa 8, una saa 2 au 3 za mwanzo tu. Ukitumia kipimo kidogo cha matone, sehemu ya laktosi inafungiwa ndani. Viwanda hufanya hivi kwa mafanikio kwa sababu hupima laktosi kwenye maabara na kurekebisha kipimo. Nyumbani, kama lazima ufanye hivi, ongeza matone maradufu, na usimpe mtu ambaye hata gramu 3 zinamsumbua.

Yogati ya njia hii huwa na utamu mdogo kuliko ya saa 24. Hiyo yenyewe ni dalili: isipokuwa tamu, laktosi haijavunjika vya kutosha.

Matone kwenye joto kwa saa 2, kisha kimea. Hii ni njia ya kati. Unaweka matone kwenye maziwa ya nyuzi 40, unayatunza kwenye joto hilo saa 2, kisha unaweka kimea. Inafanya kazi nzuri kuliko ya pamoja, maana kimeng'enya kinapata joto bila uchachu. Mimi huitumia nikibanwa, kwa maziwa yaliyochemshwa muda huo huo tu na chombo kilichofunikwa. Sivuki saa 2, kwa sababu ya vijidudu nilivyotaja kwenye hatua ya 3.

Matone juu ya yogati iliyokwisha kuganda. Usipoteze matone yako. Kwenye pH ya 4,6 na baridi ya friji, laktesi ya hamira haifanyi kitu cha maana. Yule anayekuambia "kwangu ilifaa" huenda anavumilia gramu 7 za laktosi za bakuli la yogati ya kawaida bila kujua, na watu wa namna hiyo ni wengi.

Kuiacha yogati saa 24 kwenye joto bila matone. Laktosi inapungua zaidi ya kawaida, ila haiishi, na yogati inakuwa kali sana. Ni njia tofauti, na sina imani nayo kwa mtu mwenye tumbo jepesi.

## Yogati ikikataa

*Imeganda, lakini tumbo linanguruma.* Rudi kwenye karatasi uliyobandika kwenye kifuniko. Joto lilikuwa nyuzi ngapi ulipoweka matone? Yalikaa saa ngapi? Kama joto lilikuwa chini ya 40 na saa zilitimia 24, ongeza matone kwenye mzunguko ujao.

*Maziwa ni matamu, lakini hayagandi.* Hapo matone yamefanya kazi na kimea ndicho kimeshindwa. Ama joto lilishuka chini ya 38 usiku, ama kimea kilikuwa cha zamani. Rudisha vyombo kwenye nyuzi 42 kwa saa 2 au 3. Yasipoonyesha dalili yoyote ya kuganda baada ya saa 12 kwenye joto, yamwage.

*Ina harufu ya hamira ya mkate au mapovu.* Mwaga. Chachu ya hewani imeingia, nayo inapenda sana glukosi ambayo matone yameiandaa. Chemsha vyombo kabla ya kuanza tena, na anza kwa kuangalia mifuniko, hasa yenye mpira ndani.

## Kula mara ya kwanza na kutunza kimea

Mara ya kwanza kula gramu 100 peke yake, bila kitu kingine chenye maziwa siku hiyo, na uangalie hali yako kwa saa kadhaa. Ukila bakuli kubwa pamoja na chai ya maziwa, ukaumwa, hutajua kilichokuumiza.

Kabla hamjaimaliza, toa vijiko 4 vya yogati kutoka kwenye chombo ambacho hakijachovywa kijiko cha mdomoni, weka kwenye chupa ndogo safi ndani ya friji. Hicho ndicho kimea cha mzunguko ujao, na hakitaleta zile gramu 2 za laktosi tena. Kitumie ndani ya siku 7. Baada ya mizunguko mitano hivi, au mapema ukiona kuganda kunachelewa, anza upya na kimea kipya, na mzunguko huo wa kwanza usiupunguzie matone.